Fremu moja isiyo na ukungu kutoka kwenye video

Swali: Nina klipu ya sekunde nne ya mwanangu akiruka kamba, fremu 30 kwa sekunde. Kila nikisimamisha nipige picha ya skrini, uso unatoka na ukungu. Nifanyeje nipate picha moja iliyo wazi?

Jibu: Kwanza hakikisha ukungu huo ni wa mwendo. Kuza uso wa mtoto, uangalie nyusi na mashavu. Mtoto anapopanda au kushuka, nyusi hufutika kwa sababu zimelala kwa mlalo, lakini kingo za mashavu kushoto na kulia hubaki zimekatika vizuri. Ukiona hivyo, una bahati, maana ukungu huo hubadilika fremu hadi fremu. Nyusi na mashavu vikiwa vimefifia sawasawa katika kila fremu, basi fokasi ilikosea, na hakuna fremu itakayokuokoa.

Sasa fikiria mruko wenyewe. Tuseme mtoto ana urefu wa mita 1.2 na kwenye video anachukua pikseli 750, yaani pikseli 625 kwa kila mita. Akiruka sentimita 20, anaiacha ardhi kwa kasi ya karibu mita 2 kwa sekunde. Kamera ikipokea mwanga kwa 1/60 ya sekunde kwa kila fremu, uso unaburuzika karibu pikseli 21. Hapo nyusi haziwezi kuonekana. Lakini akifika juu kabisa, kabla hajaanza kushuka, kasi yake ya kwenda juu ni sifuri. Hata fremu ikipishana na kilele hicho kwa 1/60 ya sekunde, mburuzo haufiki pikseli 2. Kwa hiyo usitafute kwa kubahatisha katika fremu zote 120. Tafuta vilele, na kila mruko una kimoja.

Cheza klipu, uandike sekunde ya mruko unaoupenda, kisha toa fremu zote za kipande hicho kwa FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri. Mfano huu unaanzia sekunde ya 1.5 na kuchukua sekunde moja:

```
ffmpeg -ss 1.5 -i ruka.mp4 -t 1 -fps_mode passthrough fremu_%03d.png
```

Utapata faili kama 30 za PNG zenye ukubwa kamili wa video. Picha ya skrini haikupi hilo, kwa sababu mara nyingi video huwa imepunguzwa itoshee skrini. Tumia faili halisi iliyotoka kwenye kamera. Nakala iliyotumwa kwa programu ya ujumbe huwa imebanwa tena, na maelezo madogo ya ngozi na nywele yameshapotea.

Fungua fremu hizo moja moja, na kilele utakiona upesi. Kinachosumbua ni kuchagua kati ya tatu au nne zinazokizunguka, na hapo mimi huiachia kompyuta ipime ukali wa kingo na kuipa kila fremu alama, kubwa ikimaanisha kali zaidi, kwa Python yenye maktaba ya OpenCV:

```python
import cv2, glob
x, y, w, h = 880, 120, 140, 170
for f in sorted(glob.glob("fremu_*.png")):
    g = cv2.imread(f, 0)[y:y+h, x:x+w]
    print(f, cv2.Laplacian(g, cv2.CV_64F).var())
```

Namba nne za mstari wa pili ni kisanduku kinachozunguka uso ukiwa kileleni: umbali wake kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na urefu, vyote kwa pikseli. Weka za kwako. Usiruke hatua hii, nakusihi. Ukipima fremu nzima, na tuseme nyuma ya mtoto kuna ukuta wa matofali ambao haukutikisika hata kidogo, ukuta huo utaimeza alama ya uso, na utaletewa fremu yenye matofali safi na mtoto aliyefifia. Hata ndani ya kisanduku, fremu ambazo uso bado uko chini zinapima ukuta mtupu, na zinaweza kupata alama kubwa. Zipuuze. Linganisha zile chache tu ambazo uso umo.

Alama hizo hazina kiwango cha kufaulu. 300 inaweza kuwa nzuri kwenye klipu moja na mbaya kwenye nyingine. Kuwa mwangalifu zaidi kama video ilichukuliwa kwenye mwanga hafifu, kwa kuwa chengachenga nazo huhesabiwa kama kingo na kuipandisha alama. Ndiyo maana sichukui ya kwanza nikafunga kazi. Nafungua tatu za juu kwa asilimia 100 na kuangalia kope. Ambayo kope zake zinahesabika ndiyo yangu, mradi macho ya mtoto yako wazi, jambo ambalo kipimo hiki hakilijui.

Kamba yenyewe itabaki na ukungu, kwa kuwa yenyewe haisimami mtoto anapokuwa kileleni. Iache hivyo, inaonyesha kwamba anaruka. Na ikiwa uso umebakiwa na mburuzo wa pikseli 2, punguza picha iwe nusu ya upana wake, na mburuzo huo utashuka hadi pikseli moja.