Ripoti ya Kiswahili kwenye Excel: miezi, koma na lebo

*"Wakuu, naandaa ripoti ya robo mwaka ya ushirika wetu kwa Kiswahili. Miezi inatoka April na June, mwaka unasomeka 2,025, na mwenzetu wa Bukavu anasema koma zetu zinamchanganya. Mnafanyaje?"*

Mkuu, kabla hujagusa majina ya miezi, hakikisha kwanza kwamba tarehe zako ni tarehe kweli. Mimi huandaa ripoti za namna hiyo kila robo, na data huja kutoka maghalani kwenye faili la CSV, tarehe zimeandikwa 03/04/2025. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani inaisoma hiyo kuwa 4 Machi. Ikifika 25/04/2025 inashindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, hivyo inaiacha kama maandishi. Utazijua kwa macho: tarehe halisi hukaa kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto. Dalili nyingine ni robo ya Aprili hadi Juni kuonyesha mauzo ya Januari au Novemba.

Usizirekebishe zile za kushoto peke yake. Za kulia ndizo za hatari, maana zimegeuzwa kimyakimya. Rudi kwenye faili la awali, ingiza safu ya tarehe kama maandishi, kisha nenda Data, Text to Columns, na hatua ya tatu chagua Date: DMY.

Zikishakaa sawa, chagua safu, bonyeza Ctrl+1, nenda Custom uandike:

```
[$-441]d mmmm yyyy
```

Hiyo 441 ndiyo namba ya Kiswahili kwenye Windows. Seli itaonyesha 3 Aprili 2025, lakini ndani bado ni tarehe, kwa hiyo inapangika na kuchujika. Wapo wanaoandika majina ya miezi kwa mkono, halafu wakipanga safu, chati inaanza na Agosti, Aprili, Desemba. Excel haina kosa hapo, imepanga kialfabeti kama ilivyopewa.

Shida inarudi ukitaka tarehe ndani ya sentensi. Ukiunganisha seli moja kwa moja utapata "Mauzo hadi 45750", kwa sababu hivyo ndivyo Excel inavyoihifadhi 3 Aprili 2025. Wengi hukimbilia TEXT, na kwako wewe itafanya kazi. Lakini kompyuta ya Bukavu ikiwa imewekwa Kifaransa, mwaka wake huandikwa aaaa, si yyyy, na maandishi yaliyo ndani ya TEXT hayabadiliki yenyewe. Mwenzako ataona "yyyy" mahali pa mwaka. Mimi naweka shiti iitwayo Miezi, Januari hadi Desemba kwenye A1:A12, kisha:

```
="Mauzo hadi "&DAY(A2)&" "&INDEX(Miezi!$A$1:$A$12,MONTH(A2))&" "&YEAR(A2)
```

Hii inafunguka popote, maana majina ya fomula Excel huyabadilisha yenyewe.

Kuhusu koma: ukimtumia faili la Excel lenyewe, namba za muundo `#,##0` zitajipanga kwa desturi ya kompyuta yake. Utata uko kwenye PDF. Kilo 1,284,650 haimsumbui, koma mbili zinajieleza. Inayomtesa ni 1,284 peke yake, kwani aliyezoea Kifaransa anaisoma kilo moja na ushei. Andika kilo nzima bila desimali, na juu ya jedwali weka mstari mmoja: "Koma hutenga maelfu, nukta hutenga desimali." Mwaka nao usiupe muundo wa namba kabisa. Ile 2,025 inatokea pale mtu anapochagua jedwali zima na kubonyeza kitufe cha koma kisha kuondoa desimali, basi rudisha safu hiyo kwenye General.

Kwa fedha, usijaze sufuri. Sisi husema "shilingi milioni arobaini na nane", kipimo mbele na namba nyuma, na muundo unaweza kufuata hivyo hivyo:

```
"Sh milioni "#,##0.0,,
```

Koma mbili za mwisho hugawa kwa milioni katika kuonyesha tu. Seli yenye 48,720,000 itasomeka Sh milioni 48.7, na jumla itapigwa kwa thamani kamili. Ila kwa sababu ya kukadiria, jumla inaweza kutofautiana kidogo na ukijumlisha yale yanayoonekana, na mkaguzi ataliuliza hilo. Weka kiasi kamili kwenye kiambatisho.

Lebo nazo zifuate mpangilio huo: "Robo ya 4, 2024/25", "Jedwali 3". Penye hesabu ya watu, fomula ya `="Wakulima "&B2` itakuletea "Wakulima 1" siku ghala moja likiwa na mkulima mmoja. Andika "Idadi ya wakulima: 1", hapo hata ikiwa 0 inasomeka vizuri.