Faida ipo, fedha haipo

"Kampuni inatangaza faida kila mwaka, mbona inakopa kulipa mishahara? Nitajuaje mapema?"

Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Tuseme faida ni milioni 100. Rudisha uchakavu wa 20, yaani thamani ya mashine iliyopungua mwaka huo, kwa sababu hakuna fedha iliyotoka. (Anayesema kwamba uchakavu ndio unaomaliza fedha amegeuza mambo: unapunguza faida tu.) Sasa toa 90 za wateja waliochukua mali bila kulipa, toa 40 zilizolala ghalani, ongeza 10 ambazo kampuni yenyewe haijawalipa wasambazaji. Shughuli zote za mwaka zimeleta sifuri. Ikinunua mashine za 35, fedha huru, yaani inayobaki baada ya manunuzi hayo, ni hasi 35. Kama benki ilikuwa na 50, zimebaki 15, na faida bado inasomeka 100.

Mimi huanza na wadaiwa. Hapa mauzo yamepanda kutoka 600 hadi 660, lakini wadaiwa wametoka 100 hadi 190. Gawanya wadaiwa kwa mauzo, zidisha kwa 365: wateja walilipa kwa siku 61, sasa ni 105. Hapo ndipo ninaposhtuka.

Fedha huru hasi peke yake hainitishi, kama shughuli zinaleta fedha na upungufu umetokana na kujenga kiwanda. Hapa shughuli zenyewe hazileti kitu. Huenda ni mteja mmoja mkubwa aliyechelewa. Tafuta kwenye maelezo ya hesabu madeni yaliyopita muda wake yana umri gani.