Jibu la mshumaa na maji: ninavyokagua majibu kabla ya kuyagawa

"Wakuu, nafundisha sayansi kidato cha kwanza na nina rundo la majibu ya mitihani ya zamani niliyoyapata kwenye makundi ya walimu. Nitajuaje yapi yana makosa kabla sijawapa wanafunzi? Nimelinganisha matatu, yote yanasema kitu kimoja."

Mwalimu, anza na hayo matatu. Angalia makosa ya uchapaji. Miaka kadhaa nyuma nililinganisha nakala nne za majibu ya swali la mshumaa, nikakuta neno moja limekosewa herufi ileile kwenye zote. Nne zile zilikuwa moja, iliyonakiliwa mara nne, kwa hiyo kukubaliana kwao hakukuwa ushahidi wa chochote.

Swali lenyewe bila shaka unalijua: mshumaa unawaka katikati ya beseni la maji, unaufunika kwa chupa ya kioo, unazimika, maji yanapanda ndani ya chupa. Majibu yalisema maji yamepanda kujaza nafasi ya oksijeni iliyotumika, nayo ni sehemu moja ya tano ya hewa. Nililifundisha hivyo miaka miwili, mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, tukiweka mishumaa mitatu?"

Tukajaribu. Chupa ileile, hewa ileile. Mshumaa mmoja ulipandisha maji kama sentimita moja na nusu. Mitatu ikayapandisha karibu sentimita nne. Kama maji yangekuwa yanajaza nafasi ya oksijeni, mitatu isingeweza kuyapandisha zaidi, maana oksijeni haikuongezeka. Tukaangalia pia wakati: maji yalitulia karibu muda wote moto ulipokuwa unawaka, yakapanda kwa kasi ulipozimika. Na mwanzoni, chupa ilipofunika tu, mapovu yalitoka pembeni.

Mapovu yale ndiyo jibu. Moto unapasha hewa, hewa inatanuka, nyingine inatoroka. Moto ukizimika, iliyobaki inapoa na kusinyaa, maji yanasukumwa juu. Oksijeni inachangia kidogo tu. Mshumaa huzimika ikiwa bado imebaki nyingi, kiasi cha asilimia 16 ya hewa kutoka 21 ya mwanzo, na kwa ile iliyotumika hewa inarudishiwa kaboni dayoksaidi yenye ujazo wa kama theluthi mbili yake. Vitabu vingine huweka sodiamu haidroksaidi kwenye beseni ili inyonye kaboni dayoksaidi hiyo. Inasaidia upande huo, lakini hewa iliyotoroka haiirudishi, wala haiufanyi mshumaa umalize oksijeni.

Kinachonitisha kwenye jibu hili ni kwamba ile sehemu moja ya tano ni kweli. Namba sahihi imebandikwa kwenye sababu isiyo sahihi, na ukienda kuhakiki namba peke yake utaridhika. Ndiyo maana siku hizi nikikagua majibu naanzia kwenye kila sentensi yenye "kwa sababu". Tafsiri za maneno na hesabu nazipitia haraka: naufanya mtihani mwenyewe majibu yakiwa yamefunikwa, kisha nalinganisha. Kwenye sababu nakaa. Najiuliza, kama hii ni kweli, ni kitu gani kingine kingelazimika kutokea?

Jaribu na jibu linalosema joto la Januari linatokana na dunia kuwa karibu na jua. Ukiwa Dar utalikubali, kwa sababu Januari tunaungua na kweli dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwezi huo. Lakini sababu hiyo ingelazimu London nayo iwe na joto Januari, na kule ni baridi kali. Kinacholeta majira ni mlalo wa mhimili wa dunia.

Ukishalikuta kosa, usilifute tu ukaacha pengo. Kwa ile moja ya tano mimi nilibadilisha jaribio. Chukua stilwaya ya kusugulia masufuria, ile inayoshika kutu, isiwe na sabuni. Ioshe kwa siki kutoa mafuta, isuuze, isukume ikiwa mbichi hadi kwenye kitako cha tyubu ya kioo ya sentimita 15, kisha isimamishe tyubu kichwa chini ndani ya maji. Iache siku kadhaa mpaka maji yasipande tena. Yatafika karibu sentimita 3, kwa sababu kutu inachukua oksijeni taratibu bila moto na bila kurudisha gesi nyingine.

Swali la mshumaa nimelibakiza, ila sasa nauliza wameona nini na lini maji yalipanda. Na kwa kuwa mtihani wa nje unaweza kusahihishwa kwa jibu la zamani, wanafunzi wangu nawaonyesha yote mawili, nikiwaambia wazi lipi limeandikwa vitabuni na lipi tuliliona kwenye beseni letu.