Posho ya kukaimu kampuni binafsi: nilichojifunza hotelini Arusha

"Wakuu, nipo Moshi, kampuni binafsi. Mhasibu mkuu aliondoka Januari, nikaambiwa nikae pale kwa muda. Huu mwezi wa tisa, mshahara ni uleule. Naweza kudai posho ya kukaimu, au nitaharibu kazi?"

Mkuu, hili limenipata mwenyewe, nikiwa msaidizi wa bohari kwenye hoteli moja hapa Arusha. Nitakueleza lilivyokwenda, kwa sababu kuna mahali niliteleza na wewe bado una nafasi ya kutoteleza.

Anza na hili. Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi kwamba anayekaimu alipwe posho ya kiasi fulani. Wengi wanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, wakidhani sheria yenyewe inawapa, halafu wanaulizwa: haki hiyo imeandikwa wapi? Jibu lipo ndani ya kampuni yako: mkataba wa ajira, kanuni za utumishi za kampuni, au mkataba wa hali bora kama mna chama cha wafanyakazi. Ukikosa vyote hivyo, tafuta kama kuna mtu aliwahi kukaimu hapo akalipwa, maana utaratibu uliozoeleka nao unakupa pa kusimamia.

Sisi tulikuwa na kitabu cha kanuni za wafanyakazi. Nilikisaini siku ya kuajiriwa bila kukisoma. Nilipokuja kukifungua, kilisema anayekaimu cheo cha juu kwa zaidi ya siku 30 mfululizo atalipwa, kuanzia siku ya kwanza, tofauti kati ya mshahara wake na mshahara wa kuanzia wa cheo anachokaimu. Mimi nilikuwa napata 640,000. Mkuu wa ununuzi na bohari alikuwa anaanzia 1,040,000. Tofauti ni 400,000 kwa mwezi, na nilikaa pale miezi 11, kuanzia Machi 2022 hadi mwisho wa Januari 2023. Jumla 4,400,000.

Mwajiri hakubishana na hesabu hata kidogo. Alichosema ni kwamba sikukaimu, nilikuwa "nasaidia". Hapo ndipo kesi za namna hii zinapopotelea. Kukaimu ni kukishika cheo chenyewe, na mamlaka yake. Kuongezewa kazi mbili tatu huku mamlaka yakibaki kwa mwingine ni jambo jingine, na kanuni zetu hazikulilipia.

Sikuwa na barua ya kukaimu. Meneja alinieleza kwa mdomo asubuhi, tukiwa tumesimama mlangoni kwa stoo ya vyakula. Basi nikaanza kutafuta makaratasi. Nikapata hati ya makabidhiano ya funguo na mali, imesainiwa na aliyeondoka na mimi. Nikapata tangazo la meneja kwa wakuu wa idara kwamba maombi yote ya manunuzi yapite kwangu. Na oda za manunuzi zenyewe, zenye saini yangu.

Hizo oda ndizo zilizoniumiza. Miezi 3 ya mwanzo, kwa heshima tu, nilikuwa nasaini juu ya jina la cheo nikitanguliza "Kny". Herufi tatu hizo, kwa niaba ya. Wakili wa mwajiri alizitandaza mezani moja moja akasema: huyu mwenyewe anakiri kwamba alikuwa anasaini kwa niaba ya mtu mwingine. Kuanzia Juni mkaguzi wa ndani aliniambia niandike "Kaimu Mkuu wa Ununuzi na Bohari", na meneja akawa anaidhinisha oda hizo bila kusema neno. Miezi hiyo 8 hawakuwa na la kujibu. Kwa hiyo mkuu, kesho ukifika ofisini angalia unasaini vipi hati za malipo na barua za benki.

Jambo la pili ni muda. Migogoro ya kuachishwa kazi inapelekwa CMA ndani ya siku 30. Mingine yote, pamoja na huu wa posho, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Mkuu mpya aliripoti Februari mosi, mimi nikaandika dai langu tarehe 6. Nikaambiwa subiri, tunalishughulikia. Ningebaki na maneno hayo ningekwisha. Lakini nilisisitiza nijibiwe kwa barua, na barua ya kukataa ikaja tarehe 20 Machi. Nikafungua shauri tarehe 10 Mei. Mwajiri akaweka pingamizi kwamba nimechelewa, akihesabu tangu nilipoacha kukaimu: siku 99. Mimi nikahesabu tangu walipokataa: siku 51. Barua ile ndiyo iliyoniokoa. Usiitegemee sana hesabu yangu lakini, kwa sababu mwajiri wako anaweza kusema mgogoro ulizuka mwezi wa kwanza ulipopokea mshahara pungufu na ukanyamaza. Ukishapitiliza, unalazimika kuambatanisha Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na "niliahidiwa kwa mdomo" ni sababu dhaifu.

Kwa hiyo andika sasa, ungali kwenye kiti. Barua ya ukurasa mmoja: tarehe uliyoanza, nani alikuagiza, kifungu cha kanuni, hesabu ya kila mwezi, na uombe jibu la maandishi ndani ya siku 14. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikataa au wakinyamaza, jaza Fomu Na. 1 ya CMA. Nakala mpe mwajiri kwanza, akusainie kuwa amepokea, ndipo uipeleke Tume pamoja na uthibitisho huo. Moshi ofisi yao ipo, huna haja ya kuja Arusha.

Usuluhishi una siku 30. Sisi tulimaliza kikao cha pili. Msuluhishi halazimishi mtu. Aliwauliza tu kama wako tayari kwenda kwenye uamuzi na zile oda za kuanzia Juni. Walitoka nje nusu saa, wakarudi na 3,200,000, ambayo ni miezi 8. Nilikubali, kwa sababu ya zile Kny. Makubaliano yakaandikwa na kusainiwa, na yakishasainiwa yanazifunga pande zote mbili.

Kuhusu kuharibu kazi: kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema kumwachisha mtu kwa sababu amedai haki yake ya kisheria au ya mkataba si sababu halali. Sikufukuzwa. Nilinuniwa miezi kadhaa, hilo sikufichi, na lilinikera kuliko nilivyotarajia. Lakini kukaa miezi 11 ukibeba lawama za cheo kwa mshahara wa msaidizi si haki, na wanaokuweka hapo wanalijua.

Kama kuna msomaji aliyeajiriwa serikalini, njia hii si yako. Mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma, kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugusa CMA.

Na fedha zikiingia, soma hati ya mshahara ya mwezi huo. Malimbikizo ni mapato ya ajira, yanakatwa PAYE, kwa hiyo hutashika kiasi kizima. Kwangu yaliandikwa kwenye mstari wake peke yake, "malimbikizo ya kukaimu", na hapo ndipo neno hilo lilipoonekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya mwajiri wangu.