Kwa nini Ashwin ilijirudia mwaka 2020

> "Navaratri si huanza mara tu Pitru Paksha ikiisha? Mbona 2020 kulikuwa na pengo la mwezi mzima, na kalenda ina Ashwin mbili?"

Ndugu, tazama jua, si mwezi. Kila mwezi wa Kihindu hupata jina kutokana na buruji ambayo jua linaingia ndani ya mwezi huo. Ashwin ni ule ambamo jua linaingia Mizani.

Sasa, Pitru Paksha, majuma mawili ya kuwakumbuka wahenga, iliisha tarehe 17 Septemba, mwezi ulipofichika. Jua lilikuwa limeshaingia Mashuke siku moja kabla. Mwezi ukafichika tena usiku wa kuamkia 17 Oktoba, yapata saa saba kwa saa za India, na jua likaingia Mizani asubuhi ileile, kama saa moja. Limechelewa kwa saa sita tu! Mwezi mzima ukapita bila jua kuingia buruji mpya.

Mwezi wa namna hiyo huazima jina la unaoufuata, ukaitwa Adhika Ashwin, yaani Ashwin ya ziada. Sikukuu kubwa hazifanywi humo, husubiri Ashwin halisi. Ndiyo maana Navaratri, sikukuu ya siku tisa, ilianza 17 Oktoba, na Diwali ikaangukia 14 Novemba, ilhali 2019 ilikuwa 27 Oktoba.

Mwezi wa ziada hutokea kila baada ya miezi 32 au 33 hivi, kwa sababu miezi 12 ya mwandamo hupungukiwa siku 11 na mwaka wa jua. Ramadhani haina nyongeza hiyo, ndiyo maana huzunguka misimu yote.