Boksi la vitabu 41 kutoka Ng'ong'ona

Swali la wiki: "Wewe unayeuza vitabu vilivyotumika mtandaoni, unavipata wapi kwa bei ya chini, unaelezaje hali ya kitabu bila kumdanganya mteja, na unakifungaje kifike salama?"

Habari zenu wahariri, mimi naishi Ipagala hapa Dodoma na hii kazi naifanya mwaka wa nne sasa, nauza kwa stetasi ya WhatsApp na Instagram basi, duka sina. Nitawaelezea boksi moja tu nililolichukua mwezi wa saba mwaka jana maana mkilielewa hilo mmeelewa biashara nzima.

Chimbo langu kubwa ni wanafunzi wanaomaliza chuo. Mwezi wa saba pale UDOM watu wanafunga virago, na mtu anayepanda basi kwenda Kigoma au Mtwara hataki kubeba kilo ishirini za karatasi, hapo ndo bei inakuwa ya kwake na wewe mkielewana. Mwezi wa kumi mwaka wa kwanza wanaingia, kitabu kilekile kinatafutwa. Kwa hiyo unanunua Julai unauza Oktoba, hapo katikati unahitaji uvumilivu na mahali pakavu pasipo na mchwa, na Dodoma mchwa wapo, usiweke boksi chini kwenye sakafu wala usiliegemeze ukutani, mimi nimepanga juu ya matofali na mbao.

Sasa huyu kijana alikuwa amepanga Ng'ong'ona, akanipigia ana vitabu 41, anataka laki na ishirini kwa jumla. Watu wengi hapo wanaanza kuomba punguzo, mimi naomba kukaa chini kwanza. Nilikaa kama saa nzima na nusu, kitabu kimoja kimoja. Vitano vilikuwa na mhuri wa maktaba, nikaviweka pembeni nikamwambia mdogo wangu hivi rudisha ulikovitoa, mimi sivigusi, na wewe msomaji usiviguse hata kama anakwambia walimpa, pia vile vya shule vyenye mhuri wa serikali. Vikabaki 36, tukaelewana elfu mbili mbili kwa kimoja, 72,000, bajaji mpaka nyumbani 4,000.

Nyumbani nikavipitia tena kwa mwanga wa mchana na saba vikafa. Viwili vimekatwa kurasa, riwaya moja haina karatasi ya mwisho kabisa (nani atanunua hadithi asijue ilivyoisha), kimoja kina ukungu, vitatu ni vya sekondari vya mtaala ule wa zamani, na tangu mtaala mpya uanze kutekelezwa Januari 2024 hivyo vinazidi kukosa wenyewe. Kwa hiyo 76,000 yangu haigawanywi kwa 36, inagawanywa kwa 29, kila kitabu kimenigharimu kama 2,620 kabla sijanunua hata selotepu. Hesabu hii wengi hawaifanyi, wanasema nimenunua buku mbili nauza sita nina faida nne, halafu wanashangaa hela haionekani.

Kukagua kwenyewe nafanya hivi. Nafungua kitabu katikati naweka pua kwenye mkunjo, harufu ya ukungu inakaa pale ndani hata kama jalada limefutwa likang'aa. Vitabu vilivyokaa Dar au Tanga vinajulikana, kurasa zina mawimbi na vile vilivyobanwa kwa pini pini zinakuwa na kutu inayoacha doa la kahawia. Vya huku kwetu shida yake ni nyingine, ukavu, gundi ya mgongo inakauka inakuwa kama biskuti, ukikifungua mpaka mwisho kinalia ka! na karatasi zinaanza kutoka moja moja, kwa hiyo nafungua taratibu naangalia kama mgongo una ufa. Halafu napitisha kurasa zote, narudia zote, nikisoma namba za chini. Kile kilichoshonwa au kubanwa pini ukikuta karatasi moja imechanwa tafuta na mwenzake upande wa pili wa uzi, maana ni karatasi moja iliyokunjwa, huyo wa pili atakuwa ananing'inia.

Vya chuo naangalia na toleo. Geuza ule ukurasa wenye jina la kitabu, nyuma yake kuna mwaka, toleo na ISBN. Kama ISBN ina tarakimu kumi tu na hakuna ya kumi na tatu ujue kimechapwa zamani kidogo, maana zile za tarakimu 13 zilianza rasmi 2007. Kwa riwaya haina neno, kwa kitabu cha kodi au kompyuta ni habari mbaya. Toleo la tatu na la tano maswali yanaweza kuwa yamehamishwa namba, mhadhiri akisema fanya swali la 7 sura ya 4 mteja wako anafanya swali lingine kabisa. Ukurasa huo mimi naupiga picha na kuuposti kila mara.

Sasa nifike kwenye kuelezea hali, maana hapa ndo nilipoungua. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuzia dada mmoja wa Mwanza kitabu cha takwimu, nikaandika "kizuri, kimetumika kidogo". Na kweli jalada lilikuwa zuri jamani! Kilipofika akanitumia picha ya ukurasa wa 61, mazoezi yote yamejibiwa kwa peni ya bluu, na siyo huo tu, kuanzia hapo mpaka 90 na kitu. Akaniandikia, "Dada yangu, mimi nimenunua kitabu cha kujifunzia, huyu ameshajifunza badala yangu." Sikuwa na cha kujibu. Nilirudisha hela yake, nikalipa na nauli ya mzigo kwenda na kurudi, kitabu cha elfu kumi na mbili kikanila zaidi ya bei yake.

Tangu siku hiyo neno kizuri nimelifuta. Kizuri changu siyo kizuri chako, wewe pengine unajali jalada mimi najali ndani. Ninachoandika ni kasoro, iko ukurasa gani, na ni ya kalamu gani, kwa sababu penseli inafutika, hailaita haizuii kusoma, lakini peni kwenye mazoezi inaua matumizi ya kitabu. Katika lile boksi kulikuwa na kitabu cha uhasibu, niliandika hivi kama nilivyoposti: "Toleo la 4, kurasa zote zipo, nimehesabu. Hailaita ya njano sura ya 1 mpaka 3. Peni kwenye mazoezi ukurasa wa 112 na 113 tu. Jina la mwenye kitabu limeandikwa ndani ya jalada. Kona ya chini kulia imekunjika. Mgongo mzima, hakina harufu. 10,000." Picha tano, jalada, mgongo, ule ukurasa wa toleo, ukingo wa kurasa, na ukurasa mbaya kuliko wote, huo wa 112. Picha ya ukurasa mbaya ndo inauza, mnaweza msiamini. Kikaondoka siku hiyohiyo na aliyenunua hakuuliza hata swali, na wa pili aliyekikosa akaniambia alikuwa anaitaka hiyo hailaita, eti imeshamrahisishia. Watu wana mambo.

Riwaya naandika tofauti kidogo. Pale hakuna mazoezi, mtu anataka kujua kama karatasi zimegeuka njano, kama maandishi ni madogo, kama kina harufu, na kama mwisho upo. Na kama ni fotokopi iliyofungwa jalada siuzi kabisa, utaijua herufi zina ukungu ukungu, weusi hauko sawa na mistari ya chini imepinda.

Usafi nao usizidishe. Vumbi jekundu la huku linakaa juu ya kurasa, shika kitabu kimefungwa kwa nguvu, chukua brashi ya rangi kavu, piga kutoka mgongoni kwenda nje. Ukitumia kitambaa kibichi umelifanya tope na limeingia ndani. Wala usianike juani, jalada linapauka na linajikunja.

Kufunga. Kitabu kikienda mkoani kinapelekwa stendi ya Nanenane, kinawekwa kwenye buti la basi pamoja na kila kitu unachokijua, na njia ya Mwanza ikipita Singida ujue madumu ya alizeti yanapanda. Mimi mzigo wangu mmoja ulikaliwa na dumu linalovuja. Maji karatasi inaweza kukauka, mafuta hayatoki, kitabu kile kilikuwa kinapitisha mwanga kama karatasi ya maandazi. Nikarudisha 9,000 ya watu. Kwa hiyo kwanza ni mfuko wa nailoni, nakunja mdomo na kubandika selotepu kwenye nailoni yenyewe, isiguse kitabu hata kidogo. Ila kitabu kiwe kikavu kabisa, ukifungia unyevu ndani ya nailoni umeotesha ukungu mwenyewe. Usitumie gazeti kugusa kitabu, wino wake unahamia kwenye kurasa nyeupe, wala rababendi, inakata kingo.

Halafu vipande viwili vya boksi, naokota maduka ya jumla Majengo, nakata vikubwa kuliko kitabu kama sentimita mbili kila upande. Hizo sentimita mbili ndo kazi yote, kifurushi kikidondoka inakunjika kona ya boksi siyo ya kitabu. Nazungusha selotepu njia ya msalaba, naandika jina na namba kwa maka pen pande zote mbili. Vikiwa vingi navilaza kwenye boksi, vikubwa chini, sivisimamishi, nafasi zilizobaki najaza karatasi mpaka nikitikisa sisikii kitu. Halafu napiga picha kifurushi na risiti ya basi namtumia mteja hapohapo. Nauli analipa yeye na namwambia kabla, siyo baada.

Lile boksi basi, kufikia mwisho wa Novemba vilikuwa vimetoka 21, jumla 168,000. Toa 76,000, toa vya kufungia kama 500 kila kimoja 10,500, toa bando 12,000, toa ile 9,000 ya mafuta ya alizeti, nikabaki na 60,500. Vinane bado ninavyo hapa juu ya mbao, vitano riwaya na vitatu vya ualimu, na kimoja kati ya hivyo vya ualimu nimeandika kasoro sita kwa hiyo najua kwa nini hakiendi, nimeshakishusha mpaka elfu tatu.