Krimu tupu bila kupooza

"Nimepamba sebule ya Krismasi kwa nyeupe na krimu tu, hapa Tanga, lakini imepooza kama ukuta. Niongeze rangi, au taa kama kaka mmoja alivyonishauri?"

Hapana dada, acha rangi hizo hizo, ubadilishe vitu vinavyozibeba. Kaka aliyekushauri uongeze taa amepatia nusu, kwa sababu taa ya dari humulika kila kitu sawasawa na kufuta vivuli, ilhali taa ya mezani iliyowekwa ubavuni huzionyesha nyuzi za gunia na vinyweleo vya mahameli.

Mezani kwangu nilitandika kitambaa cheupe cha pamba, juu yake ukanda wa gunia wa upana wa sentimita 35, kisha ubao wa mninga usiopakwa vanishi, na mishumaa niliyoifunga utepe wa mahameli ya rangi ya mchanga. Gunia liwe la juti au la katani, si lile la plastiki la mchele. Likung'ute nje kwanza, kwani hutoa vumbi na nyuzi, na upindie kingo zake. Mahameli ndiyo iliyonisumbua: ukikata vipande bila kufuata mwelekeo wa vinyweleo, kimoja hung'aa na kingine huonekana kichafu, hata kama vimetoka jora moja. Sufu inatosha kidogo tu, labda mto mmoja uliofumwa, maana joto la Desemba tunalijua.